Kabla ya stabilaiza, soma lebo ya pawa saplai

Ukinunua kompyuta ya gemu Kariakoo, usishangae kuambiwa ubebe na stabilaiza. Kwa maoni yangu, wengi wanaibeba bila kuihitaji, kisha wanakiacha dukani kifaa ambacho kingewafaa kweli.

Anza na lebo iliyo ubavuni mwa pawa saplai. Ikiandikwa `100-240V`, kazi ya stabilaiza tayari inafanyika humo ndani: volti zikishuka, saplai inavuta ampea zaidi ili wati zibaki zilezile. Chukua mashine inayokula wati 400. Kwenye volti 230 inavuta ampea 1.7 hivi. Jioni pale Mbagala, feni na friji za mtaa mzima zinafanya kazi, umeme umeshuka hadi volti 175. Sasa inavuta ampea 2.3 na gemu inaendelea. Stabilaiza ya rilei hapo itakuongezea mlio wa tak-tak tu.

Lebo ikisema `200-240V`, habari ni nyingine. Kwenye hizo volti 175 mashine inaweza kuzimika pale kadi ya grafiki inapoelemewa, huku taa za chumbani bado zinawaka. Windows itaandika `Kernel-Power 41`, lakini maana yake ni kwamba mashine ilizimika bila utaratibu, sababu haitaji. Pima volti kwa mita saa hizohizo. Zikiwa chini hivyo, stabilaiza itasaidia, ingawa mimi fedha hiyo ningeiweka kwenye saplai bora.

Hatari kubwa iko upande wa juu. Waya wa nyutro ukikatika kwenye laini ya fezi tatu, baadhi ya nyumba hupata volti zinazopanda kuelekea 400. Utaona taa kwako zinang'aa kupita kiasi, kwa jirani zimefifia. Ekstensheni yenye kinga haikuokoi hapo. Ndani yake mna varista, na kazi yake ni kumeza mpigo wa umeme wa muda mfupi mno, chini ya kufumba na kufumbua. Ibebeshe volti 350 kwa dakika kadhaa, itachemka na inaweza kushika moto.

Kinachohitajika ni gadi inayokata umeme ukivuka volti 260 hivi, na kusubiri kabla ya kuurudisha. Gadi ya friji husubiri dakika kadhaa kwa ajili ya kompresa. Kwa kompyuta, sekunde 30 zinatosha. Ichomeke ukutani kwanza, kisha ekstensheni yenye kinga, kisha kompyuta na skrini. Hivyo gadi inailinda na varista yenyewe.

Fundi athibitishe pia kwamba tundu la tatu la soketi lina waya wa ardhi kweli, maana sehemu ya mpigo hutolewa kupitia huko. Na kitazame kitaa cha kinga mara kwa mara: varista ikiisha kitaa huzimika, lakini ekstensheni nyingi huendelea kupitisha umeme kama kawaida.