Alama ya Machi isiwe mzizi wa alama ya Desemba

"Kijana wangu wa stoo Januari mpaka Machi alinivuruga kweli, baadaye akanyooka mwezi hadi mwezi. Mwisho wa mwaka nimpe ngapi?"

Mie yalinikuta hayahaya godauni moja hapa Ngamiani. Karani wa delivari alianza vibaya, kila noti 100 za delivari zilizotoka 10 zina makosa, mara saruji imeandikwa mifuko 50 gari limebeba 40, mara mteja wa Pongwe kapelekewa mzigo wa mtu wa Raskazoni. Machi nikampa 2 kati ya 5, sawa kabisa. Robo ya pili makosa yakashuka hadi 6, ya tatu 3, ya mwisho 1. Desemba nikafungua fomu ileile, nikaiona ile 2, nikasema aah kajitahidi, nikamwongezea nusu. 2.5. Nikajiona mkarimu!

Sasa hapo ndo ugonjwa wenyewe, maana sikupima kazi, nilianzia kwenye 2 nikasogea kidogo. Wanasaikolojia Tversky na Kahneman walilionyesha hili mwaka 1974, walizungusha gurudumu lililochezewa lisimame kwenye 10 au 65, halafu wakauliza nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya Umoja wa Mataifa. Walioona 10 jibu lao la katikati lilikuwa 25, walioona 65 likawa 45. Namba ya bahati nasibu tu iliwavuta, sembuse namba uliyoiandika kwa mkono wako tena ukiwa na hasira.

Kuna watakaosema mwaka ni miezi 12, hasara ya Januari nani alilipa, na yule mwenzie aliyekuwa safi tangu mwanzo ajisikieje? Hoja nzito hiyo, siipuuzi, na ukimpa 5 kwa sababu ya Desemba tu umekosea upande wa pili. Lakini hebu hesabu. Nilimpa mwenzangu wa mauzo karatasi nne za makosa, moja kwa kila robo, bila jina, bila miezi, zimechanganywa, akazipa 2, 3, 4 na 5. Wastani 3.5. Yaani hata Januari ukiihesabu yote bila huruma, bado nilimpunja alama nzima.

Kwa hiyo ficha alama ya Machi, pima kila robo kwa rekodi zake, ndo ufungue fomu ya zamani. Ukikosa rekodi za katikati ya mwaka utarudi tu kwenye kumbukumbu, na kumbukumbu inashika lile gari la Pongwe. Angalia pia makosa yalishuka kwa nini, kama mzigo ulipungua au alipewa msaidizi, basi hajanyooka kiasi unachodhani. Wangu noti zilikuwa zilezile na alikuwa peke yake.

Bonasi ya mwaka nililipa kwa 3.5. Ila tulipotafuta wa kushika funguo za stoo, nilitazama miezi sita ya mwisho, maana funguo ni za kesho.