Dume wa jirani au dume wako: hesabu ya mwenye majike wanne

"Nina nguruwe majike wanne. Nilimleta dume wa jirani, watatu wamerudi joto. Je, shida ni majike wangu au dume? Na je, ninunue dume wangu mwenyewe?"

Kabla ya kumlaumu yeyote, tafuta daftari. Jike asiyeshika mimba hurudi joto baada ya siku 21 hivi, kati ya 18 na 24. Wote watatu wakirudi ndani ya siku hizo, maana yake mimba haikushika tangu mwanzo, na kidole cha kwanza kinaelekea kwa dume au kwa saa mliyopandisha. Wakirudi siku ya 27, ya 30 au ya 35, jambo ni lingine: mimba ilishika ikaharibika njiani, na hapo tunafikiria maradhi ya uzazi au msukosuko wa wiki za mwanzo, kama kusafirishwa, kupigana au kuungua na jua. Angalia pia idadi. Jike mmoja akirudi mara mbili huku wenzake waliopandwa na dume huyohuyo wakishika, mwenye shida ni yeye. Watatu kati ya wanne kwa wakati mmoja ni vigumu kuwasingizia wao.

Saa ya kupandisha ndiyo huwaponyoka wengi, hasa dume akitoka kwa mtu mwingine. Jike hukaa kwenye joto siku mbili hadi tatu, lakini mayai huachiliwa baada ya theluthi mbili ya muda huo kupita. Kwa hiyo hapandwi pale tu sehemu zake za siri zinapovimba na kuwa nyekundu. Anapandwa anaposimama. Mkandamize mgongoni kwa viganja viwili, au mkalie kidogo: akiganda kama gogo na kusimamisha masikio, yuko tayari. Mpandishe nusu siku baadaye, kisha rudia baada ya nusu siku nyingine. Mtamba ambaye hajawahi kuzaa joto lake ni fupi, huyo usimcheleweshe. Sasa fikiria dume wa kuazima: umeona dalili Jumatatu asubuhi, mwenye dume anasema yuko mtaa wa pili mpaka Jumatano. Anapofika, jike anakubali kupandwa, unaona kazi imefanyika, kumbe mayai yamekwisha kuzeeka.

Kuna sababu nyingine ya dume kushindwa, na hii sitaisahau kwa sababu iliniuzisha jike mzuri bure. Dume wangu wa pili, hapa Mbozi, alichomwa kwato na ncha ya nondo iliyotokeza kwenye sakafu. Tarehe 10 Oktoba alikuwa na homa, hali chakula, anahema. Alitibiwa, na baada ya wiki alikuwa anakula na kutoa povu mdomoni kama kawaida akiona jike. Nikamwamini. Tarehe 28 Oktoba alipanda jike wa kwanza, 2 Novemba wa pili, 11 Novemba wa tatu. Kila mmoja akarudi joto baada ya siku 21 kamili. Wa kwanza aliporudi nilimhukumu kuwa tasa, nikampeleka kwa muuza kitimoto. Wa pili alirudi tarehe 23 Novemba, akapandwa tena, akarudi tena 14 Desemba. Nikampandisha mara ya tatu nikiwa nimekwishakata tamaa. Akashika, na tarehe 7 Aprili, siku 114 baadaye, akazaa watoto kumi. Wa tatu alishika kwa mpando wa 23 Desemba.

Mbegu ya dume huchukua karibu wiki saba kutengenezwa na kukomaa. Homa, au siku kadhaa za jua kali bila kivuli wala maji, huziharibu zikiwa bado korodanini. Dume hupona na hamu yake hurudi, ila anachotoa kinabaki kibovu kwa wiki sita hadi nane. Kwa hiyo ukimwona dume mzima anayepanda vizuri na majike wanarudi, muulize mwenye dume: miezi miwili iliyopita aliumwa? Aliteguka mguu? Alisafirishwa mchana juani? Kwa dume wa jirani mara nyingi hupati jibu la kweli, kwa sababu hata mwenyewe hakuandika.

Basi ununue wako? Hapa hesabu inabana, na sioni sababu ya kuificha. Dume mzima hula kilo 2.5 hivi za chakula kwa siku. Kwa mwaka ni kilo 900 na zaidi kidogo. Majike wanne, kila mmoja akizaa mara mbili, wanakupa uzao nane. Gawanya: kila uzao umebeba kilo 114 za chakula cha dume kabla hujahesabu dawa wala banda. Ukiwa na majike 15, mzigo ule unashuka hadi kilo 30 kwa uzao. Kwa upande wa pili, malipo ya kuazima dume sehemu nyingi ni fedha kidogo au mtoto mmoja wa uzao. Linganisha bei ya mtoto aliyeachishwa kunyonya na bei ya kilo 114 za pumba, mashudu na dagaa kwenye soko lako. Kwa majike wanne, dume wa jirani mara nyingi atashinda kwa fedha. Tena anakuepusha na ndugu kupandana, maana mwaka huu unaleta huyu, mwakani yule.

Kinachoipindua hesabu hiyo ni homa ya nguruwe. Ugonjwa huu ulielezwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, na mpaka leo hauna tiba. Nguruwe anaweza kuubeba siku kadhaa kabla ya kuonyesha dalili, na dume anayezungushwa nyumba kwa nyumba ni njia iliyonyooka ya kuuingiza bandani: anagusana na jike pua kwa pua, anaacha mate na mkojo, kesho yuko kwa mwingine. Kuna pia maradhi yanayoenezwa kwa kupandana kwenyewe, kama brusela, ambayo huwafanya majike kutupa mimba na dume kuvimba korodani. Ukiokoa kilo mia za chakula ukapoteza banda zima, hukuokoa kitu.

Lakini dume wako naye ana mtego wake. Kwa majike wanne anafanya kazi mara chache sana kwa mwaka, siku nyingi amelala. Kila ukimpimia chakula roho inauma, halafu anakuja mtu kuomba amkodi. Ukikubali, yule uliyemnunua ili kuzuia ugonjwa amekuwa yeye mwenyewe dume wa kuzunguka. Kama unajijua kwamba utashindwa kukataa, usinunue.

Na usidanganywe na uwiano unaotajwa sana, dume mmoja kwa majike 15 hadi 20 akiwa mzima, au 8 hadi 10 akiwa kijana. Uwiano huo unafikiri majike wamesambaa mwaka mzima. Mfugaji mdogo hupenda kuachisha watoto wote siku moja ili awauze pamoja. Majike hurudi joto siku ya nne hadi ya saba baada ya kuachisha, kwa hiyo wanne wale watasimama karibu kwa pamoja, na kila mmoja anahitaji kupandwa mara mbili. Hiyo ni mipando minane ndani ya siku tatu au nne. Dume wa miezi tisa anafaa kupanda mara moja au mbili kwa wiki, na aliyevuka mwaka mara nne, tano akiwa na nguvu. Wa kwanza na wa pili watashika, wa tatu na wa nne watazaa wachache au watarudi. Huenda hata dume wa jirani yako alikutana na hili, katoka kwa majike wengine wawili siku ileile. Dawa yake ni kuachisha wawili wawili, kwa kupishana wiki mbili au tatu.

Umri nao una mwisho wake, na wachache huupigia hesabu. Usimtumie kabla ya miezi minane, hata kama amekwishaanza kuwapanda wenzake bandani. Mpando wake wa kwanza uwe kwa jike mpole aliyekwishazaa, mwenye kimo kinacholingana naye, kwenye banda la dume mwenyewe na sakafu iliyotandazwa nyasi au maranda. Akiteleza na kuanguka mara mbili za mwanzo, atakuwa mwoga wa kupanda, na utasema hana hamu. Kaa naye. Uume wake una ncha iliyosokotwa kama parafujo, na lazima ijifunge ndani ndipo atoe mbegu. Kijana mara nyingi hukosea tundu, na wewe ukiwa mbali utaandika "amepandwa". Mpando wa kweli una utulivu wa dakika tano na kuendelea, dume hasukumi tena, amebana tu.

Sasa piga hesabu. Anaanza miezi minane. Uzao wake wa kwanza unazaliwa akiwa na mwaka mmoja hivi. Mabinti wa uzao huo wanafikia miezi minane ya kupandwa yeye akiwa na miezi 20. Kama unabakiza mitamba yako mwenyewe, huo ndio mwezi wa kumwondoa, maana akiwapanda binti zake utaanza kuona watoto wachache, dhaifu, wenye ngiri au korodani zilizojificha. Ukinunua mitamba nje unaweza kwenda naye mpaka miaka mitatu, ila uzito wake wakati huo unavunja mitamba miguu.

Uhimilishaji ungetatua mengi ya haya, lakini mbegu za nguruwe hazigandishwi kirahisi kama za ng'ombe, hukaa kwenye nyuzi 16 hadi 18 kwa siku chache tu, na ulipo mbali na kituo haziwahi saa ya kusimama.

Kwako wewe ningefanya hivi. Kama una mpango wa kufika majike sita au wanane ndani ya mwaka, nunua dume wa miezi sita kutoka shamba unaloweza kuona mama yake na uzao wake, mtenge wiki nne mbali na majike, mwanzishe kazi akifika minane, muuze akifika 20. Kama utabaki na wanne, tafuta jirani mmoja tu, msijumuishe wa tatu. Dume akae kwa mmoja wenu, jike ndiye aende, na daftari la mipando na homa liwe moja. Wale watatu waliorudi usiwauze. Waandike tarehe, wapandishe joto lijalo kwa dume ambaye hajaumwa kwa wiki nane, mara mbili kwa kila joto, kisha uwaangalie tena kuanzia siku ya 18.