Kadi za harusi si chupa za maji

Matbaa nyingi ndogo za Barabara ya Nasser, pale Kampala, hupanga bei kwa karatasi. Mteja anauliza, mwenye mashine anazidisha idadi kwa bei aliyoizoea, biashara inaisha. Kwa maoni yangu hapo ndipo fedha inapovujia, kwa sababu hiyo ni hesabu ya kiwanda cha chupa, na matbaa si kiwanda cha chupa.

Tuchukue mfano, namba ni zangu za kukadiria. Zimeingia kazi mbili za rangi nne: kadi za harusi zinazohitaji karatasi 300, na vipeperushi vya karatasi 5,000. Kabla haijatoka karatasi hata moja ya kumpa mteja, kila kazi inadai pleti nne za kuchapia, moja kwa kila rangi, za shilingi 20,000 kila moja, karatasi 100 za kuharibu wakati fundi anakalisha rangi (30,000), na saa moja ya fundi na mashine (50,000). Jumla 160,000, na kiasi hicho hakibadiliki hata mteja akitaka nakala moja. Baada ya hapo kila karatasi nzuri inakula 350 za karatasi na wino.

Kadi za harusi basi zinagharimu 265,000, yaani kama 883 kwa karatasi. Vipeperushi vinagharimu 1,910,000, sawa na 382. Sasa yule wa bei moja anajumlisha zote, 2,175,000, anagawanya kwa 5,300, anapata 410. Anaongeza faida ya asilimia 30 na kutangaza 533. Mwenye harusi analipa 159,900 kwa kazi iliyokula 265,000, anaondoka akicheka. Mwenye vipeperushi anaambiwa 2,665,000, anavuka barabara kwa jirani aliyekokotoa kazi yake peke yake, na kwa faida ileile ya asilimia 30 anaambiwa 2,483,000. Ukiona duka limejaa kadi ndogondogo, mafundi hawapumziki, na kazi kubwa zote ziko kwa jirani, usitafute mchawi. Kagua bei.

Dawa yake ni kadi ya kazi: kila oda na namba yake, na chini yake ziandikwe pleti, karatasi zilizotoka stoo (si zile alizopewa mteja), na saa za mashine. Mwenye matbaa mmoja alinijibu, "Ndugu yangu, karatasi ni karatasi." Ni kweli kwa aliyemuuzia karatasi.

Kiwanda cha maji ni habari nyingine. Huko kuifungulia kila chupa kadi ya kazi ni kichekesho, maana chupa ya asubuhi na ya jioni hazitofautiani. Unakusanya gharama za mwezi mzima, unagawanya. Vitabu vya shule hupenda kuwasumbua wanafunzi na bidhaa ambazo mwisho wa mwezi bado hazijakamilika, lakini chupa ikishaingia kwenye mtambo hujazwa na kufungwa upesi, na zamu inapoisha mtambo huwa mtupu au karibu na hapo. Kinachostahili jasho ni swali la kugawanya kwa chupa ngapi.

Tuseme zimeingia chupa 100,000 kwa gharama ya shilingi 39,200,000, na mtambo ukiwa mzima hupoteza asilimia 2. Upotevu huo ni wa kawaida, unabebwa na chupa nzuri. Unagawanya kwa 98,000, kila chupa ni 400. Zikitoka 95,000 tu, zile 3,000 zilizopungua unazitoa kando kwa 400 kila moja, na 1,200,000 inakwenda moja kwa moja kwenye hasara ya mwezi. Mhasibu mvivu atagawanya kwa 95,000, apate kama 413, na meneja ataamini maji yamepanda gharama, wakati kilichoharibika ni mashine ya kufunga vizibo. Pia uliza zimekufia wapi: chupa iliyopasuka ikipulizwa imepoteza plastiki tu, ila iliyokataliwa mwishoni imeshabeba maji, kizibo, lebo na stempu ya kodi.

Mipaka inachanganyika pale kiwanda kinapopokea oda ya maji yenye picha ya bwana na bibi harusi. Maji, chupa na kizibo vibaki kwenye wastani wa mwezi. Lebo, muda wa kusimamisha mtambo na kubadilisha roli, hivyo vifunguliwe kadi yake. Na mteja alipie lebo zote zilizochapwa, hata kama zimebandikwa 600 na 400 zimebaki, kwa sababu Jumamosi ikipita hakuna mtu mwingine atakayezinunua.