Mchoro uje tayari, kalamu ifuate maji

Ukimtazama fundi wa maji aliyeko Kigoma mjini akieleza mradi wa kijiji cha mwambao kwa njia ya Zoom, mara nyingi utamwona akifungua ubao mweupe na kuanza kuchora ziwa, pampu, bomba na tangi kwa kipanya. Dakika kumi zinakwisha, tangi limekaa kama kiazi, na wajumbe wa jumuiya ya watumia maji walioko kwenye simu bado hawajui kwa nini gati la kuchotea maji lililo juu linakauka asubuhi. Kwa maoni yangu ubao mtupu haufai kwa kazi hiyo. Mchoro uandaliwe kabla, kwenye karatasi iliyopigwa picha au kwenye slaidi moja, na wakati wa kikao kalamu ichore kile tu kisichoonekana.

Chukua mchoro wa mradi unaotegemea mteremko: tangi kilimani, bomba kuu likishuka, gati la juu likiwa mita 10 chini ya usawa wa maji ya tangi, gati la chini mita 30. Uchore kwa upande, ili kimo kionekane. Shiriki skrini, bonyeza `Annotate`, kisha kwenye `Draw` chagua mstari ulionyooka. Kwa rangi ya bluu, vuta mstari wa ulalo kuanzia usawa wa maji ya tangi hadi mwisho wa mchoro. Hapo ndipo maji yangefika kama kila gati lingesimamishiwa bomba refu la wima na koki zote zikafungwa. Kila mita 10 chini ya mstari huo ni takribani bar 1, kwa hiyo gati la juu lina bar 1 na la chini bar 3.

Sasa badili rangi iwe nyekundu. Anzia palepale kwenye tangi, lakini mstari huu ushuke, kwa sababu maji yakitembea husuguana na bomba na kupoteza nguvu njiani. Tuseme mchana, matumizi yakiwa madogo, upotevu hadi gati la juu ni mita 3: mstari unapita mita 7 juu ya gati, maji yanatoka. Asubuhi watu wakitaka maji mara mbili ya hayo, upotevu hauwi mara mbili, unakaribia mara nne. Mita 12! Chora mstari wa pili mwekundu, nao utapita mita 2 chini ya gati la juu. Hapo wajumbe wanaona wenyewe kwamba pampu haina kosa na tangi halijaisha. Bomba ndilo jembamba kwa mahitaji ya saa ile. Mistari mitatu imetosha.

Kinachoharibu kazi hii zaidi ni kusahau kwamba wino haukai kwenye picha. Unakaa juu ya skrini, kama kioo kilichowekwa juu ya karatasi. Ukisogeza ukurasa au kukuza picha, mchoro unaondoka na mistari inabaki, na ghafla mstari mwekundu unapita katikati ya ziwa. Kwa hiyo kuza kwanza, chora baadaye. Kabla ya slaidi nyingine, bonyeza `Clear`. Na kama slaidi inakataa kusonga huku kila ukibofya inatoka nukta ya wino, kompyuta haijaganda. Kalamu bado iko mkononi. Bonyeza `Mouse` kwanza.

Kwa kuonyesha tu njia ya maji, tumia `Vanishing Pen`, ambayo alama zake hufutika zenyewe baada ya muda mfupi. Wengi huzungusha kalamu ya kawaida juu ya kila wanachokitaja, hadi mchoro unafanana na nyavu za dagaa. Chora polepole pia, kisha nyamaza kidogo, maana mtandao ukiwa dhaifu mstari huwafikia wenzako kwa kurukaruka. Unene wa mstari uongeze kwenye `Format`. Ule mwembamba unaopendeza kwenye kompyuta hupotea kabisa kwenye simu.

Wajumbe wasifungiwe kalamu muda wote. Wazuie unapoeleza, kisha wafungulie na uwashe majina ya wanaochora. Mwambie katibu, «Mzee, hebu weka alama pale maji yanapokatika kwanza.» Akiiweka kwenye gati la chini, umejua kwamba mstari mwekundu haukueleweka, au kwamba kuna bomba linalovuja ambalo mchoro wako hauna. Hilo la pili hutokea zaidi ya mafundi wanavyopenda kukiri.

Ubao mweupe nao una mahali pake: kukuza kitu kimoja, kama vali iliyofungwa nusu, ambacho kwenye mchoro mkubwa ni nukta tu. Ila usisitishe kushiriki skrini kabla ya kubonyeza `Save`, kwa sababu ukisitisha, mistari yote mitatu inakwenda nayo.