Kuchomeka kumeshinda, lakini kihalali?

Kijana mmoja wa Mbeya ninayemfundisha programu aliniletea vipimo vya ajabu. Alipanga namba 10,000 zilizochanganywa, akitumia njia tatu: ya kuunganisha, ya haraka na ya kuchomeka. Hii ya kuchomeka, inayochukua namba mojamoja na kuirudisha nyuma hadi mahali pake, vitabu huiita ya polepole, lakini ikawa ya kwanza kwa mbali. Kwa data iliyochanganyika inapaswa kufanya ulinganisho kama milioni 25, wakati ya kuunganisha, inayoigawa orodha nusu kwa nusu kisha kuziunganisha zikiwa zimepangwa, haivuki 124,000.

Kosa halikuwa kwenye mbinu. Orodha ilipangwa kwanza kwa kuunganisha, kisha hiyohiyo, ikiwa tayari imenyooka, ikakabidhiwa kwa kuchomeka. Kila mbinu ilihitaji nakala yake:

```python
import time

for panga in (unganisha, haraka, chomeka):
    nakala = data.copy()
    t = time.perf_counter()
    panga(nakala)
    print(panga.__name__, time.perf_counter() - t)
```

Kulitambua kosa hili ni rahisi: ongeza idadi mara mbili. Kwa data iliyochanganyika, muda wa kuchomeka unatakiwa kupanda karibu mara nne. Ukipanda mara mbili tu, jua data ilishapangwa.

Hapo wengi wangehitimisha kwamba kuchomeka ni kwa kufundishia darasani. Mimi sikubali. Chukua stakabadhi 10,000 za kahawa kutoka Mbozi. Zimeandikwa kwa mfuatano wa namba, isipokuwa tuseme 20 zilizochelewa kufika, kila moja ikiwa nafasi 300 mbali na mahali pake. Kuchomeka kutafanya ulinganisho wa karibu 10,000 wa kawaida na 6,000 wa kuzirudisha hizo: jumla 16,000. Kuunganisha, hata orodha ikiwa imenyooka kabisa, kunahitaji kama 64,000. Ushindi huu ni wa haki, kwa sababu mpangilio umetoka kwenye data yenyewe.

Data hiyohiyo ndiyo inayoiumbua mbinu ya haraka, ikiwa umeiandika kwa kuchagua namba ya kwanza kuwa mhimili, yaani namba inayozigawa nyingine kuwa ndogo na kubwa kwake. Karibu kila mgawanyo unatoa upande mmoja mtupu, na ulinganisho unakaribia milioni 50. Kwenye Python huenda usifike hata kuona muda, maana kikomo cha kawaida cha kazi kujiita yenyewe ni 1,000, na utakutana na `RecursionError`. Ukichagua mhimili kwa bahati nasibu, wastani unashuka hadi kama 156,000. Bado ni zaidi ya kuunganisha, ila haraka haihitaji orodha ya pili ya kunakilia, na katika lugha kama C hilo mara nyingi huipa ushindi wa muda. Ndiyo maana ulinganisho na sekunde nataka viwe kwenye jedwali moja.

Kijana alirudia vipimo kwa orodha za aina tatu: iliyochanganyika, iliyonyooka na iliyogeuzwa. Kwenye iliyogeuzwa, kuchomeka kulifanya ulinganisho 49,995,000, naye akaenda kuchemsha chai wakati akisubiri.