Tiketi Moja, Namba Mbili: Begi Lako Linafuata Sheria ya Nani?

Ndege moja inayotoka Frankfurt kwenda Bangkok inaweza kuwa na namba inayoanza na TG kwa abiria wa kiti cha 30A, na namba inayoanza na LH kwa jirani yake wa 30B. Wote wawili wamo ndani ya ndege ya Thai Airways, wanahudumiwa na wahudumu wale wale na watatua dakika ile ile. Tofauti ni kwamba mmoja kauziwa tiketi na Thai yenyewe, na mwingine kauziwa na Lufthansa, ambayo ina mkataba wa kuuza viti vya ndege hiyo kwa namba yake.

Mashirika yanafanya hivi kwa sababu za kibiashara zinazoeleweka. Lufthansa inapata kuuza safari bila kurusha ndege yake, Thai inajaza viti, na abiria anapata tiketi moja kutoka mwanzo hadi mwisho, mzigo ukiunganishwa moja kwa moja. Mimi sina ugomvi na hilo. Ninachokipinga ni jinsi abiria anavyoachwa gizani kuhusu mizigo.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Muungano wa mashirika, kama Star Alliance ulioanzishwa mwaka 1997, au oneworld na SkyTeam zilizofuata, ni kundi la mashirika mengi yanayotambua kadi za wateja wa wenzao na kupanga ratiba zioane. Mkataba wa kugawana namba ni wa mashirika mawili, na hauhitaji muungano. Emirates haimo katika muungano wowote kati ya hiyo mitatu, ilhali Qantas ni mwanachama wa oneworld, na bado wawili hao wamekuwa wakiuziana viti tangu 2013. Nembo ya muungano kwenye tiketi haikuambii kilo zako. Abiria mwenye kadi ya ngazi ya juu ya Star Alliance kwa kawaida huongezewa begi moja au kilo 20, lakini huyo ni msafiri wa mara kwa mara. Sisi wengine hatuna kiwango cha mizigo cha muungano, kwa sababu hakipo.

Kiwango kinatoka wapi basi? Tuchukue tiketi moja: Oslo hadi Frankfurt kwa ndege ya Lufthansa, kisha Frankfurt hadi Bangkok kwa namba ya LH lakini ndege ya Thai. Wengi watasema sheria ni ya Lufthansa, maana ndiyo iliyouza na ndiyo inayopokea begi kule Oslo. Utaratibu wa IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, ulioanza kutumika mwaka 2011, hauangalii hivyo. Unaigawa dunia katika kanda tatu: ya kwanza ni mabara ya Amerika; ya pili ni Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati; ya tatu ni sehemu iliyobaki ya Asia pamoja na Australia na Pasifiki. Kisha unatafuta kipande cha safari kinachovuka kutoka kanda moja kwenda nyingine. Oslo hadi Frankfurt haivuki kanda. Frankfurt hadi Bangkok inavuka, na anayerusha ndege hapo ni Thai. Kwa hiyo sheria ya Thai ndiyo inayotawala begi tangu Oslo, hata kwenye ndege ya Lufthansa, isipokuwa kama Thai imetangaza kwamba katika hali kama hiyo hufuatwa sheria ya aliyeuza namba.

Hiyo "isipokuwa" ndiyo inayoniudhi. Abiria wa kawaida hana pa kuona tangazo hilo, kwa sababu limewekwa kwenye mifumo ya nauli inayosomwa na mawakala. Tena hesabu hufanywa upya kuanzia pale unapokabidhi begi hadi pale unapolichukua. Ukirudi kutoka Bangkok kwa ndege ya Lufthansa yenyewe, anayevuka kanda sasa ni Lufthansa, na kiwango cha kurudi kinaweza kutofautiana na cha kwenda ingawa tiketi ni ile ile.

Tofauti hiyo inaweza kuwa kubwa. Kuna mashirika yanayohesabu mabegi, tuseme begi moja lisilozidi kilo 23. Kuna mengine yanayopima jumla, tuseme kilo 30 kwa begi moja au mawili. Mtu mwenye mabegi mawili ya kilo 14 kila moja yuko salama kabisa kwa hesabu ya jumla: kilo 28, bado mbili. Kwa hesabu ya mabegi, lile la pili lote ni la ziada na atalilipia. Akiona hivyo akayaunganisha kuwa begi moja la kilo 28, atalipia uzito uliozidi. Mzigo haujabadilika hata gramu moja.

Marekani iliamua vingine. Kwa tiketi inayoanzia au kuishia nchini humo, kiwango cha mwanzo wa safari lazima kitumike hadi mwisho, na pale namba ya muuzaji inapotofautiana na mwenye ndege, sheria ya muuzaji ndiyo inayoshinda. Kanada nayo ina utaratibu wa aina hiyo. Kwa maoni yangu huu ndio utaratibu wa haki, na ungefaa kila mahali. Abiria anamjua aliyemuuzia. Ni tovuti ya huyo aliyoisoma, na ni huyo aliyemlipa. Haifai kumtaka achore ramani ya kanda za dunia ili ajue kama anaweza kubeba begi la pili.

Mpaka hapo tutakapofika, soma tiketi yenyewe. Karibu na kila kipande cha safari tafuta maneno "Operated by". Jina linalofuata ndilo la mwenye ndege, na kwa kawaida ndiye utakayekwenda kwenye dawati lake siku ya kuondoka. Kisha tafuta sehemu ya mizigo. "1PC" maana yake begi moja, "30K" maana yake jumla ya kilo 30. Maandishi hayo yana nguvu kuliko ukurasa wa jumla wa tovuti, kwa hiyo yachapishe uende nayo. Begi la mkononi ni jambo jingine: mara nyingi hukaguliwa kwa vipimo vya anayerusha ndege, kwa sababu ni makabati yake. Na kama umenunua tiketi mbili tofauti, sahau yote niliyosema kuhusu kanda. Kila tiketi ina sheria yake, na unaweza kulipia mzigo mara mbili.

Begi likipotea au kuvunjika, namba mbili zinageuka kuwa faida yako, ingawa madawati hupenda kukutupa kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, makubaliano ya kimataifa kuhusu usafiri wa anga, malalamiko yaliyopelekwa kwa aliyekuuzia safari au kwa aliyerusha ndege yana nguvu sawa, na unaweza kumdai yeyote kati yao kwa kipande hicho cha safari. Toa taarifa kabla hujatoka uwanjani, kisha andika rasmi: siku 7 tangu kulipokea begi lililoharibika, siku 21 tangu kukabidhiwa begi lililochelewa. Ukiambiwa "hilo ni suala la wenzetu", waachie barua yako na uchukue nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.