Fuata Mkate Uliookwa, Usifuate Ujumbe wa Mwisho

Watu wawili wakipanga mapishi kwa ujumbe wa simu kwa wiki kadhaa, vipimo hubadilika kila siku. Siku ya kuandika resipe moja safi, wengi huchukua namba ya mwisho iliyotajwa kwa kila kitu. Mimi napinga njia hiyo kabisa, kwa sababu inazaa chakula ambacho hakuna aliyewahi kukipika.

Chukua mkate wa kawaida. Mazungumzo yanaanza na unga gramu 500, maji 325, chumvi 10, hamira ya chenga 5, uumuke dakika 90. Mkate unatoka mkavu, maji yanapandishwa hadi 350, unakuwa laini. Kisha mmoja anapunguza hamira iwe nusu na kulaza kinyunya kwenye friji usiku kucha. Wote wanasifu ladha. Baadaye linakuja wazo: "Tuweke unga 600, ujaze bati." Jibu ni "sawa", basi. Mwishoni mmoja anaandika kwamba leo hakulaza, ameuacha mezani dakika 90 tu, na mkate umekuwa mzito.

Ukikusanya namba za mwisho utapata unga 600, maji 350, hamira 2.5, dakika 90. Maji hayo yalipimwa kwa unga 500, yaani asilimia 70 ya unga. Kwa unga 600 yanashuka hadi kama 58, na kinyunya kitakuwa kigumu, kikipasukapasuka ukikikanda. Hamira nayo ilipunguzwa kwa sababu ya usiku mzima wa friji. Ukiondoa friji, hamira irudi 5, la sivyo haitawahi kuumua mkate kwa dakika 90. Huo mkate mzito ulikuwa umeshatueleza hivyo.

Kwa hiyo mimi huutafuta mkate wa mwisho uliookwa na kusifiwa, halafu naandika kilichokuwemo ndani yake: unga 500, maji 350, chumvi 10, hamira 2.5, usiku kucha kwenye friji. Chumvi haikutajwa tena tangu siku ya kwanza, na hapa ndipo watu huisahau. Kitu kisichoguswa kinabaki kama kilivyoanza.

Wazo la unga 600 silitupi. Naliandika chini, pembeni, likiwa na hesabu yake kamili: maji 420, chumvi 12, hamira 3, na neno "haijaokwa". Hizo namba zinalinda uwiano wa kinyunya, ila hazisemi lolote kuhusu muda wa oveni, maana mkate mkubwa huchelewa kuiva katikati. Hapo dakika za mkate mdogo zisinakiliwe; aachiwe nafasi atakayeuoka kwanza.